Linki fupi: weka + kabla ya kuifungua

Tuseme uko Sena, Mfangano, unangoja boti ya Mbita, na meseji inaingia: "Mkopo wako wa Hustler Fund umeongezwa. Thibitisha hapa: bit.ly/3abc". Wengi tumeambiwa tushikilie linki kwa kidole ili tuone inaenda wapi. Kwa linki fupi, tunaona ushauri huo hautoshi. Simu itakuonyesha bit.ly ileile tu, kwa sababu anwani kamili imehifadhiwa na kampuni iliyoifupisha, haiko kwa simu yako.

Badala yake, shikilia linki hadi uone "Copy", uibandike kwenye brauza, na kabla hujaifungua ongeza alama ya kujumlisha mwishoni:

```
bit.ly/3abc+
```

Hapo Bitly inakuonyesha ukurasa wake wenyewe wenye anwani kamili. (Kwa TinyURL, andika preview. kabla ya tinyurl.com.)

Tuseme imetokea hivi:

```
https://hustlerfund.go.ke.mkopo-leo.top/pin
```

Macho yanakimbilia go.ke, na mlaghai anajua hivyo. Wewe tafuta / ya kwanza baada ya https:// kisha usome ukirudi nyuma. Mwenye tovuti ni mkopo-leo.top, yaliyotangulia ni pambo tu, mtu yeyote anaweza kuyaandika.

Wakati mwingine utakuta linki fupi inaelekea kwa linki nyingine fupi. Hiyo achana nayo. Deni lako la Hustler Fund utaliona ukipiga *254#, bila linki yoyote.