Majina ya Safu na Maana ya Nafasi Tupu katika Ukusanyaji wa Data za Kamusi

Watafiti wanaochopoa data katika kamusi nyingi za Kiswahili huanza kunakili mapema mno. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba majina ya safu na kanuni za nafasi tupu sharti yaamuliwe kabla ya kufungua kamusi ya kwanza.

Tuchukue mradi unaochopoa nomino na vitenzi kutoka kamusi ya Krapf (1882), ya Sacleux (1939) na Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981). Kazi ikigawanywa bila mwafaka, mnakili mmoja ataandika ngeli ya “kiti” kuwa KI-VI, wa pili 7/8, wa tatu ki/vi. Kompyuta itahesabu ngeli tatu palipo na moja. Dawa yake ni nyepesi: safu moja, jina moja, orodha funge ya thamani.

Tatizo la nafasi tupu ni zito zaidi, kwa kuwa utupu una maana tatu. Huenda sifa haihusiki, chanzo hakikusema, au mnakili hajafika hapo. Kila maana ipewe alama yake, na nafasi tupu yenyewe ibakie kuashiria kazi ambayo haijafanywa:

```
kidahizo | aina | ngeli   | wingi   | lahaja
soma     | T    | HAIHUSU | HAIHUSU | KIMYA
nyumba   | N    | 9/10    | KIMYA   | KIMYA
```

Kitenzi “soma” hakina ngeli, hivyo HAIHUSU. Wingi wa “nyumba” ni “nyumba”. Lakini chanzo kisipoutaja, huandikwa KIMYA, hata kama mnakili anaujua. Akiujaza kwa ujuzi wake, hatuwezi tena kutofautisha ushahidi wa kamusi na maoni ya mnakili. Ujuzi huo uwekwe katika safu nyingine, tuseme `wingi_mhariri`.

Athari ya kupuuza kanuni hii huonekana kwenye lahaja. Sacleux huonyesha lahaja za maneno mengi. Iwapo ukimya wa kamusi nyingine utasomwa kama “neno sanifu”, mtafiti atahitimisha kwamba maneno ya Kimvita au Kiamu yamepungua, ilhali kilichobadilika ni desturi ya watunga kamusi tu.

Yamkini mtu atapinga kwamba haiwezekani kujua safu zote mapema. Ni kweli. Kwa hiyo vidahizo ishirini vya kila kamusi vinakiliwe kwanza na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha vilinganishwe. Wanapohitilafiana, mara nyingi kanuni ndiyo yenye kasoro. Safu ikizaliwa baadaye, rekodi za awali ziachwe tupu katika safu hiyo hadi vyanzo vyake visomwe upya. Mwishoni, thamani zote za kila safu ziorodheshwe: “ki/vi” moja iliyopenya itajitokeza papo hapo.

Kanuni hizi hazisahihishi kosa la kamusi yenyewe. Huhakikisha tu kwamba kosa la mtunzi halichanganyiki na la mnakili.