Andika tarehe vifaranga walipokufa

Tangu M23 waingie Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, karibu kila biashara inayofungwa mjini hapa inaelezwa kwa neno moja: vita. Kwa wengi ni kweli kabisa. Mwenye duka lililovunjwa na kuporwa Jumamosi ile ya tarehe 15 hadaiwi somo na mtu yeyote. Aorodheshe mali iliyochukuliwa na thamani yake, inatosha.

Maneno yetu ni kwa yule ambaye biashara yake ilikuwa imeshalala kabla ya risasi ya kwanza kusikika mjini.

Tuchukue mfano wa mama wa Panzi aliyefuga kuku wa nyama. Anataka kuwaeleza wenzake wa likelemba na wateja wake kwa nini amefunga banda, na anaandika hivi: «Nilijitolea kwa moyo wote, lakini nchi hii haimruhusu maskini kuinuka. Vita vimeniangusha, umeme umeniangusha, hata niliowaamini wamenigeuka. Namwachia Mungu.» Atakayesoma atamhurumia. Lakini jirani anayetaka kufuga kesho hatajua aogope nini, na wenzake wa likelemba hawatajua fedha yao iko wapi.

Barua hiyo isirekebishwe neno kwa neno. Aiweke pembeni, afungue daftari la banda, aandike kila tukio mbele ya tarehe yake. Tuseme daftari linasema hivi: vifaranga 300 waliingia mwanzoni mwa Novemba 2024, 70 walikufa wiki ya kwanza, kuku 150 waliuzwa kwa fedha mkononi na 80 kwa deni, dola 6 kila mmoja, kabla ya Noeli. Tarehe zinasema wazi. Vita vilikuta banda tupu. Vilichofanya ni kuwatawanya wadaiwa, nalo ni jambo kubwa, ila linapaswa kukaa mahali pake.

Turudi kwa wale 70, maana somo lenyewe liko hapo. Kifaranga wa siku chache hana uwezo wa kujipasha joto. Anahitaji nyuzi 32 hadi 35 chini ya taa, kisha joto lipunguzwe kidogo kila wiki. Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Umeme wa SNEL ukikatika saa nne usiku, vifaranga hurundikana kona moja, wa juu wakawabana wa chini mpaka wakakosa hewa. Asubuhi maiti zikikutwa zimelaliana konani, baridi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Basi sentensi «umeme umeniangusha» inabadilika: «Umeme ulikatika usiku mara tatu katika wiki ya kwanza. Sikuwa na mbabula wala makala ya akiba, na hakuna aliyelala bandani.» Kukatika kwa umeme kumebaki palepale, bila kufichwa. Kilichoongezeka ni kile ambacho mfugaji mwenyewe angeweza kufanya, na jirani akisoma ananunua gunia la makala kabla ya vifaranga. Atakumbuka pia kuacha tundu la hewa, kwa sababu moshi wa mbabula katika banda lililofungwa huua vilevile.

«Niliowaamini wamenigeuka» nayo ina hesabu yake. Kuku 80 kwa dola 6 ni dola 480. Aandike: «Nilitoa kuku 80 kwa deni bila maandishi wala tarehe ya kulipa. Dola 480 hazijarudi.» Majina ya wadaiwa asiyaweke, kwa maana hayo ni ya kikao cha ana kwa ana.

Wapo watakaosema maandishi ya namna hii ni makavu, yanamnyima mtu haki ya kulia. Hatukubaliani nao. Kulia kuna mahali pake, nyumbani na kanisani. Tena kujilaumu kupita kiasi, «mimi sifai kitu», ni kujihurumia kulekule kwa mlango mwingine: hakumwambii msomaji habari ya mbabula wala ya deni. Sentensi moja ya uchungu ikibaki, tunasema ibaki; ya pili ifutwe.

Kisha lije lile ambalo barua nyingi zinaruka. Ikiwa likelemba ilimkopesha dola 400, wenzake wanataka kusoma kiasi kilichobaki, atalipa kidogokidogo kiasi gani, na kuanzia mwezi gani. Tunamwomba kila aliyefunga banda, duka au karakana yake asiitume barua kabla mstari huo wa deni haujajazwa.