Hojaji Bila Dibaji: Dosari ya Viambatisho katika Tasnifu za Fasihi Simulizi

Utangulizi

Kuna desturi moja katika tasnifu za fasihi simulizi ambayo imezoeleka kiasi cha kutoonekana tena kuwa ni kosa. Mtafiti humaliza hitimisho lake, akaorodhesha marejeleo, kisha akabandika nyuma ya kazi kurasa kadhaa zenye kichwa 'Kiambatisho A: Hojaji' na 'Kiambatisho B: Mwongozo wa Mahojiano'. Chini ya vichwa hivyo hufuata maswali matupu. Hapana hata sentensi moja inayoeleza maswali hayo yalikusudiwa kupata nini, aliulizwa nani, kwa lugha gani, na yapi kati yake yaliachwa njiani. Makala haya yanadai kwamba maswali yaliyochapishwa kwa namna hiyo hayana thamani ya ushahidi. Aidha, yanadai kwamba desturi hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wahakiki watangaze kifo cha tanzu ambazo bado zi hai.

Dai hilo la pili huenda likaonekana kubwa mno kulinganishwa na jambo dogo kama kiambatisho. Kwa hiyo ni vyema liangaliwe kwa mfano mmoja, katika mahali pamoja panapojulikana.

Swali la ndovu Kishushe

Kishushe iko katika nyanda kavu zilizo chini ya Milima ya Taita, kaunti ya Taita Taveta, jirani na Mbuga ya Tsavo Magharibi. Wengi wa wakazi wake husema Kidawida, na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na baraza. Ndovu si mnyama wa kusimuliwa tu huko. Huingia mashambani, huvunja matangi ya maji, na huua watu. Kwa mtafiti wa ngano, mahali hapo panavutia kwa sababu hiyo hiyo: ndovu wa kwenye masimulizi na ndovu wa shambani wanaishi pamoja katika vinywa vya watu wale wale.

Na tuseme kwamba mwanafunzi wa uzamili anakwenda Kishushe kukusanya ngano za ndovu. Mwongozo wake una maswali kumi na mawili, na la kwanza linasema: 'Ni hadithi zipi unazozijua kuhusu ndovu?' Anahoji watu 20. Kati yao, 14 wanamsimulia matukio: ndovu aliyekula mahindi wiki iliyopita, mtoto aliyefukuzwa akienda shule, jirani aliyekufa. Ni sita tu wanaosimulia ngano. Katika sura ya nne mwanafunzi anaandika kwamba ngano za ndovu zinatoweka Kishushe, na kwamba nafasi yake imechukuliwa na masimulizi ya matukio halisi. Jopo la watahini linampongeza.

Hitimisho hilo halina msingi, lakini msomaji wa tasnifu hana njia ya kulitambua kosa lake. Sababu ni tatu, na zote zimefichwa na kiambatisho kisichoelezwa.

Ya kwanza ni neno 'hadithi'. Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo hubeba ngano, kisa cha jana na hata porojo. Mwainisho wa tanzu unaotumiwa madarasani, kama ule aliouchapisha Mulokozi katika jarida la Mulika mwaka 1989, umezitenga ngano, visakale na visasili kwa makini. Lakini mkulima wa Kishushe hajibu kwa mujibu wa mwainisho huo. Anajibu neno alilolisikia. Ikiwa swali liliulizwa kwa Kiswahili, jibu la tukio la wiki iliyopita ni jibu sahihi kabisa. Ikiwa liliulizwa kwa Kidawida, basi lilitumia neno jingine, na msomaji anapaswa kuliona neno hilo. Kiambatisho kimelichapisha swali kwa Kiswahili tu, wala hakisemi lilitamkwa kwa lugha gani. Na kama mfasiri aliyetumiwa alitoka Sagalla, karibu na Voi, tatizo linaongezeka, maana Kisaghala na Kidawida ni lugha mbili na si lahaja moja.

Ya pili ni namna mtafiti alivyojulishwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo kilichosababishwa na mnyama wa porini, na ikaruhusu madai ya mazao yaliyoharibiwa. Mgeni mwenye karatasi na kinasasauti anayefika nyumbani na kuanza kwa kuuliza habari za ndovu atadhaniwa, kwa haki kabisa, kuwa ametumwa kuorodhesha hasara. Mhojiwa mwenye busara hatampotezea mgeni wa aina hiyo wakati kwa kumtambia ngano. Atamweleza kilichopotea. Kwa hiyo ni lazima msomaji ajue ni maneno gani yaliyotangulia swali la kwanza, na kama mtafiti aliongozana na chifu, na mwalimu au na mjukuu wa mzee wa boma.

Ya tatu ni saa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ngano ni shughuli ya usiku, baada ya kazi, mbele ya watoto wanaoitikia. Mahojiano ya saa nne asubuhi, mzee akiwa peke yake na kinasasauti, yanamnyima fanani hadhira yake. Finnegan alisisitiza tangu 1970 kwamba utendaji na hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe ya fasihi simulizi. Ni ajabu kwamba tasnifu zinazomnukuu katika sura ya pili humsahau zifikapo kwenye kiambatisho.

Kinachotakiwa

Kinachotakiwa ni kifupi. Kabla ya kila chombo cha utafiti pawe na aya moja inayojibu mambo matano: chombo kilikusudiwa kupata nini, walioulizwa ni akina nani, kilitumiwa kwa lugha gani na kwa njia gani, kilijaribiwa wapi na kikabadilishwa vipi, na majibu yake yametumika katika sura ipi. Kwa mfano uliotangulia, aya hiyo ingeweza kusomeka hivi:

'Mwongozo huu ulikusudiwa kupata ngano zenye ndovu kama mhusika, na si habari za uharibifu wa mazao. Ulitumiwa kwa watu 20 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Maswali yaliandikwa kwa Kiswahili na kuulizwa kwa Kidawida na mtafiti mwenyewe. Matini ya Kidawida iko kando ya kila swali. Baada ya majaribio kwa watu watatu, swali la 1 lilihamishwa likawa la 7, kwa kuwa lilileta madai ya fidia. Maswali ya 10 na 11 hayakuulizwa kwa wahojiwa wanane waliochoka. Mahojiano yote yalifanywa mchana. Majibu yamechanganuliwa katika sura ya nne.'

Aya hiyo haifiki nusu ukurasa. Hata hivyo, inambadilisha msomaji kutoka mtazamaji na kuwa mhakiki. Sasa anaweza kusema kwamba mahojiano ya mchana hayatoshi kuthibitisha kutoweka kwa utanzu wa usiku. Mwandishi mwenyewe, akilazimika kuiandika sentensi ile kuhusu mchana, huenda akasita kabla ya kutangaza kifo cha ngano.

Ikumbukwe pia kwamba vyombo hivi havifanani, na maelezo yake hayawezi kuwa ya aina moja. Hojaji hukaa mikononi mwa mjibuji. Kwa hiyo maelezo yake yaseme ni ngapi zilizogawiwa na ngapi zilizorudi, na kama wasioweza kusoma walisomewa na nani. Mwongozo wa mahojiano hukaa mikononi mwa mtafiti. Maelezo yake yaseme mtafiti aliruhusiwa kuuacha kwa kiasi gani. Kuyaeleza yote mawili kwa sentensi moja ya 'vyombo vifuatavyo vilitumika' ni kutoeleza lolote.

Pingamizi

Watetezi wa desturi ya sasa wana hoja mbili. Wanasema kwanza kwamba mambo haya yamekwisha kuelezwa katika sura ya tatu, na kuyarudia ni kujaza kurasa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sura ya tatu ingeeleza chombo kilichotumika. Aghalabu haifanyi hivyo. Hueleza mbinu kwa jumla: faida za hojaji, udhaifu wa mahojiano, na majina ya wataalamu waliosema hayo. Mara nyingi imetolewa katika pendekezo la utafiti, na kiambatisho nacho kimetolewa huko huko. Dalili yake ni rahisi kuiona: viambatisho husema 'wahojiwa watachaguliwa' na 'maswali yataulizwa' katika tasnifu ambayo kazi yake ya nyanjani imekwisha. Dalili nyingine ni sura ya nne kujadili 'majibu ya swali la 15' ilhali mwongozo uliochapishwa una maswali 12. Msomaji akikuta hayo, anajua kwamba chombo kilichoambatishwa sicho kilichokwenda Kishushe.

Hoja ya pili ni ya kifasihi zaidi. Inadaiwa kwamba mhakiki wa fasihi si mwanatakwimu, na kwamba kumdai maelezo ya hojaji ni kuifanya fasihi simulizi kijakazi wa sayansi ya jamii. Wenye hoja hii husahau kwamba ni wao walioichukua hojaji kutoka huko. Asiyetaka masharti ya chombo asikitumie; aketi usiku na watambaji, arekodi, na aeleze utendaji aliouona. Hiyo ni njia halali na pengine bora zaidi. Isiyo halali ni kuhesabu 14 kati ya 20, kisha kukataa kusema 20 hao waliulizwa nini.

Hitimisho

Anayedhurika kwa desturi hii si mtahini wala mwanafunzi, ambaye shahada yake ameipata. Wa kwanza kudhurika ni mtafiti atakayefuata. Atauchukua mwongozo ule jinsi ulivyo, aupeleke Mwatate au Taveta, apate majibu yale yale ya fidia, na kuyataja kuwa uthibitisho wa pili wa kifo cha ngano. Wa pili ni mzee wa Kishushe mwenyewe. Aliulizwa swali moja, akajibu kwa uaminifu swali aliloulizwa, na katika maktaba ya chuo kikuu ameandikwa kuwa mtu aliyezisahau ngano za wazee wake. Hakuna aliyemwuliza kama anazikumbuka. Aya moja juu ya kiambatisho ingetosha kulionyesha hilo, na idara zinazopitisha tasnifu bila aya hiyo zinashiriki katika kosa.