Vijana hawajaiacha dini

Kila Mfungo Sita ukiandama, wazee wetu wa pwani hulalamika yale yale: vijana wa siku hizi wameiacha dini, hawaji maulidini, hitma wanazikimbia. Mimi nalikataa neno hilo. Kijana anayelalamikiwa ndiye huyo huyo anayewahi safu ya mbele alfajiri, ndevu kafuga, suruali kaikata juu ya vifundo. Anapokataa kuketi kwenye hitma ya arubaini ya babu yake, majuzuu yakigawanywa ukumbini na pilau ikipikwa uani, si uvivu uliomzuia. Anasema Mtume hakufanya hivyo, na anataka aonyeshwe dalili. Mtu wa namna hiyo dini imemshika kuliko hata inavyomshika baba yake.

Halafu tujiulize, hayo maulidi yaliingiaje? Lamu ya karne ya 19 ilisoma Barzanji. Akaja Habib Saleh bin Alwy Jamal al-Layl, kijana mwenye asili ya Ngazija, akawasomesha watumwa na wanyonge ambao waungwana wa mji hawakuwajali. Ndiye aliyeyaeneza Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa Hadhramaut na Ali bin Muhammad al-Habshi, akayasomesha kwa matari. Matari msikitini! Wakubwa wa mji walichukizwa, wakaona heshima ya msikiti imevunjwa. Leo Riyadha, msikiti wake, hujaa wageni wa pwani nzima: vijana hupanga safu wakiyumba kwa pamoja, matari mikononi, na msomaji akifika penye kuzaliwa Mtume watu wote husimama. Jambo lililowaudhi wazee wa zama zile ndilo tunaloliita sasa dini ya wazee.

Na upinzani nao haukuanza na vijana waliorudi juzi kutoka Chuo Kikuu cha Madina. Miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akikemea bidaa pale Mombasa kwa gazeti lake la Al-Islah, na baada yake Sheikh Abdalla Saleh Farsy aliandika vitabu vya Kiswahili dhidi ya bidaa. Kijana anayehoji ana wazee wake pia.

Simpi kijana haki yote. Anayemwita mama yake mshirikina kwa kusimama kwenye kisimamo amekosa adabu, na elimu pia imempungukia, maana Jalaluddin as-Suyuti, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, aliandika risala nzima ya kuyatetea maulidi. Lakini hayo atayajua kwa nani, ikiwa kila akiuliza huambiwa, "Sisi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu"? Jibu hilo halimtoshi mtu aliyekuja na hadithi mkononi. Wazee wangu, mkalisheni kijana, mfungulieni risala ya Suyuti, naye mwacheni afungue kitabu chake, msome pamoja.