Hema la Mina Lisitupotee

Wengi wetu tuendao Hija hudhani kwamba simu isiyo na data haiwezi kumwonyesha mtu alipo. Sivyo. Simu hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, nayo hayana malipo wala hayahitaji laini. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe, na hiyo tuipakue tungali nyumbani.

Twapendekeza programu ya Organic Maps, ambayo ni ya bure. Google Maps nayo hupakuliwa, lakini bila intaneti huwaelekeza wenye magari tu, ilhali Mina twatembea kwa miguu. Tukishapakua eneo la Makka, tuzime data na Wi-Fi, kisha tuitafute Mina na kuikuza. Vichochoro vikionekana, ramani imo. Visipoonekana, tupakue upya.

Siku ya kuingia Mina, tuwashe huduma ya mahali, tusimame pa wazi mbele ya hema, tusubiri dakika chache mpaka alama yetu itulie, kisha tupahifadhi kwa jina "Hema". Tutokapo Jamarati, tutaligusa jina hilo na kuifuata njia.

Hata hivyo, ramani haijui njia zilizofungwa siku hiyo. Askari akituelekeza kwingine, tumtii. Tena alama hukosea kwa mita kadhaa, na mahema yafanana. Basi namba ya hema iandikwe kwenye karatasi, na kila mzee wetu awe nayo mfukoni.

Allah atutakabalie.