Wajibu wa kupokea wakimbizi

Wajibu wa kupokea wakimbizi ni suala la sheria na maadili linalohusu kama nchi inalazimika kuwaruhusu watu wanaokimbia vita au mateso kuvuka mpaka wake, au kama raia wake wana haki ya kuamua wenyewe nani aingie.

Mwanafalsafa Mmarekani Michael Walzer, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alitetea haki ya jamii kuchagua wanachama wake. Hata hivyo alikubali kwamba mtu mwenye shida kubwa anastahili kusaidiwa, mradi gharama kwa msaidizi si kubwa mno. Ugomvi unabaki hapo: nani apime gharama hiyo?

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 una sehemu mbili zisizo na uzito sawa. Kuhusu kutoa hifadhi, unazitaka nchi zijitahidi kadiri ziwezavyo kulingana na sheria zao. Lakini unakataza kabisa kumrudisha mtu kwenye hatari, na unataja waziwazi kwamba kumzuia mpakani ni sawa na kumrudisha. Basi aliye mbali hawezi kudai kuingia. Aliyefika mlangoni analindwa.

Tanzania ilijaribiwa katika jambo hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Wilayani Ngara wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi. Kuni na maji vikawa haba. Tena kati yao walikuwemo walioshiriki mauaji ya kimbari, ambao kisheria hawastahili hadhi ya ukimbizi, ila kuwatenga na wengine ndani ya kambi kubwa kama Benaco hakukuwezekana.

Tarehe 31 Machi 1995 serikali ilifunga mpaka wake na Burundi, wakati makumi ya maelfu ya watu walikuwa njiani. Hoja za usalama na mazingira zilikuwa za kweli. Lakini mpaka uliofungwa haukumbagua muuaji na mtoto, na hilo ndilo kosa lake kisheria. Upande wa pili, mkataba huohuo unasema nchi iliyolemewa inaweza kuomba nyingine zigawane mzigo. Desemba 1996 Wanyarwanda waliobaki waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwezo huo, na jeshi likawazuia waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi.

Njia ya kati ni kuwasikiliza waombaji mmojammoja. Mnamo Januari 2017 Tanzania iliacha kuwatambua Warundi kwa makundi na kuanza kufanya hivyo. Utaratibu huo unaweza kumtambua mhalifu, lakini unahitaji maafisa, wakalimani na muda, na kwa watu 250,000 wanaovuka daraja kwa siku moja hautoshi.