Usitie sahihi kwenye kadi usiyoisoma

Wenzangu wa Kakuma, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo nasema wazi: kadi ya mkopo wa kikundi inatuumiza. Mikopo yenyewe sijaikataa. Shida ni ile kadi ambayo afisa anaijaza mbio mbio juu ya goti, wewe unaweka dole gumba, kikao kinafungwa.

Jirani yangu, mama muuza mandazi, aliniletea kadi yake wiki ya 12. Alikopa shilingi 20,000 kwa wiki 20, riba 2,000. Deni lote ni 22,000, kwa hiyo kila wiki rejesho ni 1,100. Juu yake kuna akiba ya lazima 100. Analeta 1,200. Siku ya kupokea walimkata akiba ya mwanzo 2,000 na fomu 500, akaenda nyumbani na 17,500. Lakini riba anailipa kama vile 20,000 zote zilifika mkononi.

Hesabu ya salio haitaki shahada. Wiki 12 mara 1,100 ni 13,200. Toa kwenye 22,000, inabaki 8,800. Kadi yake ilisema 9,200. Zile 400 zimeenda wapi?

Tulirudi nyuma mstari kwa mstari. Wiki ya 7 mtoto aliumwa, mama akaleta 800 tu. Afisa akaandika akiba 100, rejesho 700, salio 14,700. Hapo sawa. Wiki ya 8 mama akaleta 1,600 ili kufidia upungufu wa 400. Kwenye kadi kumeandikwa rejesho 1,100, akiba 100, salio 13,600. Jumlisha huo mstari: 1,200. Yeye alitoa 1,600! Bahati nzuri mweka hazina wa kikundi ana daftari lake, na humo imeandikwa 1,600. Tulipomfuata afisa, ikaonekana 400 ziliandikwa kwa mwenzake aliyepungukiwa siku hiyo hiyo. Alirekebisha. Lakini wiki nne zilipita na kila wiki mama alitia dole gumba chini ya salio la uongo.

Sasa akiba. 2,000 za mwanzo na 100 mara 12, jumla 3,200. Kadi ilionyesha 2,925. Wiki ya 9 akiba ilikuwa 2,900, wiki ya 10 ikawa 2,725. Jamani, akiba inayoongezwa 100 kila wiki inashukaje? Kumbe wiki hiyo mwanakikundi mmoja alihama bila kuaga. Rejesho lake la 1,100 liligawanywa kwa wanne waliobaki, kila mmoja akakatwa 275.

Hapa afisa ana hoja, na sitaificha. Tulikubali kudhaminiana, na fomu tulisaini wenyewe. Lakini kukubali kudhaminiana si kukubali kukatwa kimya kimya. Ile 275 haina mstari wake, haina sababu, haina jina la anayedaiwa. Yule mwenzetu akirudi kesho na kulipa, mama ataonyesha nini ili arudishiwe?

Wengine wanasema, "Wakimbizi hawajui hesabu, ndiyo maana." Si kweli. Mama huyu anajua kilo moja ya unga inatoa mandazi mangapi, na anajua nani anamdai na nani anadaiwa. Hakuwahi kuonyeshwa ni safu gani ya kadi ni rejesho, ipi ni akiba, ipi ni salio. Kadi iko kwa Kiingereza na inalala kwa afisa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu tu. Kadi ilale kwa mkopaji, na vichwa vya safu viwe kwa lugha anayoisoma yeye au mtoto wake. Kila makato ya akiba yapate mstari wake na sababu. Na kabla ya sahihi, salio lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi, huku mweka hazina akilinganisha na daftari.

Na sisi vijana tuliofika sekondari, tuache kukaa pembeni. Siku ya kikao, kaa na mama yako. Angalia vitu viwili: rejesho na akiba za mstari zifikie pesa aliyotoa, halafu salio la jana ukitoa rejesho la leo lilingane na lililoandikwa. Isipolingana, kalamu iwekwe chini. Asisaini mtu.

Mama leo anadaiwa 8,800, si 9,200. Ile 275 bado tunaidai iandikwe.